Vikapu vya Mugumu na Mawe ya Watu

Felistas alichaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha wasusi pale Mugumu kwa sababu ya mwandiko wake. Herufi zake zilikaa kwenye mstari kama watoto wa kwaya, na Mama Bhoke, mwenyekiti, aliwaambia wenzake kwamba mtu mwenye mwandiko wa namna hiyo hawezi kushindwa na karatasi yoyote. Wakapiga makofi. Felistas akakubali, akidhani kazi yenyewe ni kuandika mahudhurio na kusoma salamu za misiba.

Kisha akatokea mnunuzi. Mama mmoja wa Uswidi alikuja kutazama nyumbu, akanunua kikapu sokoni, akaondoka nacho kichwani kama kofia, na baada ya miezi kadhaa akaandika kwamba anataka vikapu mia nne na themanini. Akina mama wakakata mafunjo kandokando ya bwawa la Manchira, wakakausha, wakasuka mpaka vidole vikaota sugu. Vikapu vikaisha. Vikafungwa ishirini ishirini, vikawa katoni ishirini na nne. Mnunuzi akaandika tena, akishukuru, na kuomba ankara pamoja na orodha ya mzigo.

Felistas akakaa chini akaandika orodha nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Katoni ya kwanza: vikapu vya Mama Bhoke, imara sana, vina rangi ya zambarau. Katoni ya pili: vya Rhobi, ambaye amejifungua juzi, kwa hiyo vichache vimelegea kidogo, mtuwie radhi. Katoni ya tatu: nzito kiasi. Akaendelea hivyo mpaka ya ishirini na nne, akamalizia kwa kuwasalimu wote nyumbani. Akaituma kwa Simioni Marwa, wakala wa forodha wa kule Sirari, ambaye ndiye angevusha mzigo mpakani kwenda Nairobi na kutoka pale kupandishwa ndege.

Simioni akapiga simu.

"Mama, nimesoma. Huyo Rhobi amejifungua nini?"

"Wa kike."

"Mungu amkuze. Sasa nisikilize. Hii siyo barua. Forodha wataweka ankara yako huku na orodha yako huku, na mzigo wenyewe katikati. Vyote vitatu viseme neno moja. Katoni ngapi, kila katoni ina namba gani, ndani mna vipande vingapi, uzito wa vikapu peke yake, uzito pamoja na katoni, na vipimo: urefu, upana, kimo. Jumla ya huku iwe jumla ya huku. Ukisema ishirini na nne wakahesabu ishirini na tatu, mimi na wewe tutalala Sirari."

"Uzito nitaupata wapi?"

"Kwenye mizani, mama. Watu huupata kwenye mizani."

Shida ni kwamba mwaka ule Mugumu haikuwa na mizani. Dhahabu ilikuwa imelipuka upande wa Nyamwaga, kwenye bonde ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa mashamba ya migomba, na kila mwenye miguu alikuwa amekwenda kwenye rashi hiyo. Kinyozi alikwenda. Mwalimu wa hesabu alikwenda. Olima, mume wa Felistas, alikwenda na sururu ya jirani, na kila alipokuja nyumbani alileta mfuko wa mawe, akayapanga chini ya kitanda na kumkataza mkewe kufagia huko. Na mizani zote zilifuata watu. Ya mchinjaji, ya duka la nafaka, hata ile ya zahanati ya kupimia watoto, ambayo ilikuja kurudishwa ina vumbi jekundu na ndoano imepinda.

Mizani pekee iliyobaki mjini ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, kisahani cha kioo kilichofunikwa kwa kiboksi ili pumzi ya mtu isiongeze uzito. Ilikuwa na mwisho wa nusu kilo. Felistas akaweka kikapu kimoja juu yake. Yule bwana akashusha kiboksi, kikakataa kufunga kwa sababu ya mkono wa kikapu, wote wawili wakabana pumzi, na mizani ikasema gramu mia nne nukta tatu saba.

Felistas akazidisha kwa mia nne na themanini. Kwenye ankara akaandika kwamba vikapu vyote vina uzito wa kilo mia moja tisini na mbili nukta moja saba saba sita. Kisha akachukua futikamba ya fundi seremala, akapima katoni, akapata ishirini na nne kwa kumi na sita kwa kumi na sita, akaandika sentimita. Akatuma.

Simu ya Simioni ikaja hata chai haijapoa.

"Mama, unauza vikapu au unauza dhahabu?"

"Vikapu."

"Basi hizo nukta ni za nini? Na umepima kikapu kimoja, umewabebesha wengine mia nne na sabini na tisa uzito wake. Vikapu vya mkono havifanani. Pima katoni, moja moja. Na hivi vipimo, futikamba yako ina pande mbili. Umesoma upande wa inchi. Kwa hesabu yako shehena nzima inaingia kwenye pipa la mafuta, na pipa lisijae."

Felistas akaigeuza futikamba. Sitini, arobaini, arobaini. Akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni, kisha akacheka peke yake jikoni.

"Sasa hiyo mizani ya katoni iko wapi?" akauliza.

"Rashi. Si ndiyo njia yenu ya kuja huku? Pitieni. Kuna bwana anaitwa Mogesi anapima viroba vya mawe. Mpime hapo, unipigie picha ya karatasi, nami nitachapa ankara upya na orodha zifanane kabla hamjafika."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Felistas aliingia kwenye rashi ya dhahabu na pikapu ya shemeji yake Oyoo, amevaa gauni la kanisani kwa sababu alidhani forodha ni ofisi, amekalia katoni ishirini na nne.

Watu wa rashi walikuwa wamezoea kuona vitu vikiingia: maji, sigara, mapanga, wahubiri. Walikuwa hawajazoea kuona kitu kikipimwa na mwenye kitu asitake kukiuza. Mogesi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito, na mizani yake ilikuwa ya kukanyagia, ya chuma, ikisoma kwa nusu kilo. Alipoambiwa ni vikapu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetunza siri ya mwenzake.

"Vikapu," akasema. "Sawa, mama. Vikapu."

"Ni vikapu kweli. Tazama." Felistas akafungua katoni ya kwanza. Ndani mlikuwa na vikapu.

Mogesi akatazama, akatikisa kichwa tena, kwa heshima zaidi.

Felistas akaipima kwanza katoni tupu ya akiba, kilo moja. Kisha akaanza kazi. Anafungua katoni, anahesabu vikapu ishirini, Mogesi anapandisha mizani, anaita uzito, Felistas anaandika, anageuka kuchukua inayofuata, na Oyoo anafunga kwa gundi ya karatasi. Oyoo alikuwa na umbea mwingi kuliko gundi, kwa hiyo katoni zilikaa wazi muda mrefu, zile zilizopimwa na zile zinazosubiri. Watu wakasogea. Wakawa duara. Wengine walivua kofia.

"Zinakwenda wapi?" mtu mmoja akauliza.

"Uswidi," akajibu Oyoo, akitanua kifua.

"Huko wana mashine za kupimia mawe?"

"Huko?" akasema Oyoo, ambaye hakuwahi kupita Migori. "Huko mtoto wa darasa la pili anayo mashine."

Felistas hakusikia hayo, maana alikuwa akibishana na mizani. Katoni ya tisa ilikuwa na kilo kumi na nusu wakati ya nane ilikuwa na tisa. Akamtazama Mogesi akiipima tena. Kumi na nusu. Akajiambia kwamba hivyo vilikuwa vya Mama Bhoke, ambaye husuka kwa hasira. Akaandika. Mwisho akajumlisha, uzito wa jumla kilo mia mbili thelathini na moja. Akatoa kilo moja kwa kila katoni, vikapu peke yake vikabaki mia mbili na saba. Akapiga picha, akamtumia Simioni. Simioni akajibu kwa kidole gumba. Alipomtafuta Olima ili amuage, akaambiwa mumewe alikuwa hapo hapo sasa hivi, na kwamba ametokomea kwenye duara lake, shimo lake la kuchimbia, akiwa na haraka.

"Duara haliachiki," Mogesi akasema, akitazama pembeni.

Sirari walifika mchana. Simioni akawapokea akiwa na makaratasi yaliyopangwa vizuri, ankara na orodha zikifanana mpaka nukta, na mnunuzi alikuwa ameshaandika kukubali ankara mpya. Katoni ziliandikwa ubavuni, 1/24, 2/24, mpaka 24/24. Felistas akajisikia kama bibi harusi.

Afisa wa forodha aliyeshika zamu alikuwa mwanamama mtulivu mwenye miwani. Akahesabu katoni, zikawa ishirini na nne. Akapima moja kwa utepe, ikawa sitini kwa arobaini kwa arobaini. Akaagiza zipandishwe mizani.

"Mia mbili thelathini na tisa," akasema.

"Haiwezekani," akasema Simioni.

"Orodha inasema mia mbili thelathini na moja. Mizani inasema mia mbili thelathini na tisa. Kilo nane zimetoka wapi, mama?"

Felistas akakung'uta gauni lake. "Barabara ina vumbi," akasema.

Afisa akamtazama. "La kilo nane?"

Katoni ya kumi na nne ikafunguliwa. Afisa akatoa kikapu cha kwanza, cha pili, na kutoka cha tatu likadondoka jiwe la ukubwa wa kiazi, limefungwa kwa karatasi ya daftari na uzi wa mafunjo. Akaifungua karatasi akasoma kwa sauti, polepole.

"Mzungu, shikamoo. Hili ni jiwe la Gati wa Nyanungu. Hapa wanunuzi wanatudanganya. Tafadhali pima kwa mashine ya kweli utuambie. Namba ya simu iko nyuma."

Kisha mlinzi wa mlangoni akatoka nje ili acheke.

Wakafungua zote. Mawe yalitoka ndani ya vikapu kama vifaranga. Kila jiwe lilikuwa na barua yake. Mmoja alieleza historia ya ukoo wake kwanza. Mwingine alimwomba Mzungu, kama jiwe halina kitu, basi amtafutie kazi. Mmoja aliweka mawe mawili na kusema la pili ni zawadi. Felistas alisimama kando na gauni lake la kanisani, akisikia kila barua ikisomwa kama shtaka, mpaka afisa akafika kwenye jiwe lililofungwa kwa kipande cha kitenge ambacho Felistas alikitambua. Alikuwa amekitafuta wiki nzima.

"Mheshimiwa Mzungu," afisa akasoma, "mimi ni Olima wa Mugumu. Majibu yaje kwangu moja kwa moja. Yasipitie kwa katibu wa kikundi, maana ana maneno mengi."

"Unamfahamu huyu?" afisa akauliza.

"Nilikuwa namfahamu," akasema Felistas.

Mawe ni madini, na sampuli ya madini haivuki mpaka bila kibali, kwa hiyo afisa madini akaitwa kutoka Tarime. Akaja na kioo cha kukuzia, akapanga mawe yote juu ya meza, akayachungulia moja moja kwa uangalifu mkubwa huku wafanyakazi wa ofisi tatu wakimzunguka. Ilikuwa kama wanangoja matokeo ya mtihani wa mtoto wao.

"Mawe," akasema.

"Mawe ya nini?" akauliza Simioni.

"Mawe ya mawe. Hayana kitu."

Wote wakahuzunika kidogo, hata afisa wa forodha. Lakini kwa Felistas ile ilikuwa habari njema, mpaka mzigo ulipopandishwa mizani tena bila mawe ukasoma mia mbili na kumi na tisa.

Simioni akashika kichwa. "Sasa zimepungua kumi na mbili!"

Felistas ndiye aliyeielewa hesabu hiyo kwanza, kwa uchungu, maana aliikumbuka katoni ya tisa. Watu wengine walitia mawe kabla ya kupima, kilo kumi na mbili, zikaingia kwenye orodha kama vikapu. Wengine walitia baada ya kupima, kilo nane, zikaja kushtukiza mpakani. Yaani orodha yake ilikuwa imedanganywa pande zote mbili.

"Basi ni rahisi," akasema Simioni, na uso ukamng'aa. "Turudishe yale mawe ya kumi na mbili, yale yaliyopimwa. Mzigo utarudi mia mbili thelathini na moja, karatasi zimekaa sawa, ankara iko sawa, mfumo uko sawa."

"Unataka kusafirisha mawe ili yalingane na karatasi?" afisa akauliza.

"Si hayana kitu? Afisa madini amesema."

"Na nitayajuaje yaliyopimwa na yasiyopimwa?"

Simioni akageukia meza ya mawe, akayatazama kana kwamba yangejitaja.

"Kaka Simioni," Felistas akasema, "acha. Vikapu havina kosa. Karatasi ndiyo yenye kosa."

Alisema hivyo kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea. Akavua viatu vya kanisani, akaomba mizani ya ofisi, akaanza upya. Safari hii alikitoa kila kikapu, akakipindua, akakipiga tako kama mtoto aliyepaliwa, ndipo akakirudisha. Ishirini. Akapima. Akafunga gundi mwenyewe, na Oyoo akaambiwa akae kwenye pikapu asizungumze na binadamu. Vipimo akapima tena, akisoma upande wa sentimita, na katoni mbili zilizotanuka akazikandamiza mpaka zikarudi arobaini, kwa kuzikalia. Uzito wa jumla, mia mbili na kumi na tisa. Vikapu peke yake, mia moja tisini na tano. Ujazo, mita za ujazo mbili nukta tatu sifuri nne. Simioni akachapa ankara upya na orodha upya, akamwandikia mnunuzi kumweleza mabadiliko, akaomba tamko lake la forodha lirekebishwe. Kwenye nafasi ya sababu ya marekebisho alikaa muda mrefu, akaandika, "Kuondolewa kwa mawe."

Afisa akasoma, akagonga muhuri. Mzigo ukavuka.

Felistas akarudi Mugumu na mawe ya watu kwenye gunia, akiwa amekalia mahali palipokuwa na katoni. Njiani walisimama rashi. Watu walikuja mbio.

"Uswidi wanasemaje?"

"Hayakufika Uswidi. Yamekwama Sirari. Serikali imeyatazama, hayana kitu."

Wakatazamana. Kisha Gati wa Nyanungu, mwenye jiwe la kiazi, akatabasamu polepole. "Mura, jamani, mmesikia? Wameyazuia mpakani. Serikali huzuia jiwe la bure?"

Ikawa sherehe. Kila aliyerudishiwa jiwe alilishika kwa mikono miwili. Siku ile bei ya mawe yaliyozuiwa Sirari ilipanda kwenye rashi, na Felistas hakuweza kumshawishi mtu hata mmoja. Mogesi peke yake ndiye aliyekuja akapekua gunia mpaka chini, akaondoka mikono mitupu, bila kuuliza kitu.

Olima alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, amejiandaa kwa maneno. Maneno hayakuja. Felistas alimwekea ugali, akamwekea samaki, na kando ya sahani akamwekea jiwe lake limefungwa kitenge.

"Baba Akinyi, majibu yako yamekuja. Yamepita kwa katibu, samahani."

Olima alikula bila kuinua macho. Alipomaliza alisema, "Nilitaka kukushtukiza. Kama lingekuwa na kitu."

Felistas naye alikuwa amejiandaa, tangu Sirari, na hasira yake ilikuwa imepangwa vizuri katoni kwa katoni. Lakini mtu mwenyewe alikuwa amekonda, na kucha zake zilikuwa zimeisha.

"Umenishtukiza," akasema. "Kitenge changu utanunua kingine."

Mwezi uliofuata mnunuzi akaandika. Vikapu vimefika vyote, vizuri sana, katoni na uzito kama ilivyoandikwa. Ila ndani ya kikapu kimoja kidogo, kwenye mshono wa tako, alikuta kijijiwe kama punje ya mahindi, na karatasi iliyokunjwa isiyo na neno ila jina, Mogesi. Mizani ya mpakani haikukiona, wala macho ya mtu yeyote. Amekiweka dirishani, dukani kwake. Wateja wanauliza. Je, kikundi kinaweza kutuma vikapu vingine mia tatu, kila kimoja na jiwe na jina la mtu?

Habari zilifika rashi kabla Felistas hajamaliza kumsomea Mama Bhoke. Mogesi akaacha mizani siku nzima, akazunguka bonde akipokea mikono. Jiwe lake liko dirishani Ulaya. Wazee wa mwanamke aliyekuwa akimposa, ambao walikuwa wakisitasita, wakatuma ujumbe kwamba mazungumzo yanaweza kuendelea.

Felistas alimjibu mnunuzi kwa mwandiko wake bora. Mawe hayawezekani, akaeleza, bila kibali, na kibali kinaulizia jiwe ni la nini, na yeye hajui aandike nini. Vikapu vinawezekana. Mnunuzi akakubali, kwa masikitiko.

Mzigo wa pili Olima ndiye aliyeulinda. Alipangiwa kukalia katoni kuanzia Mugumu mpaka Sirari, na alizikalia kwa uaminifu, akifukuza watu kwa fimbo pale rashi. Mpakani zamu ilikuwa ya yule yule mwanamama wa miwani. Akahesabu katoni kumi na tano. Akapima. Ankara, orodha na mizani vikasema neno moja. Akafungua katoni ya kwanza, akatoa kikapu, akakipindua, akakitikisa.

"Safari hii hamna barua?" akauliza.

"Hamna, afisa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Afisa akakirudisha kikapu taratibu, akagonga muhuri, akasema karatasi ziko safi kabisa. Hakuonekana kufurahi. Nje, Olima alikuwa ameshuka garini akinyoosha mgongo, na Felistas alimwona akiinama kuokota kitu kando ya barabara, akikigeuzageuza juani, kisha akimtazama yeye, na kukirudisha chini.